Zamu ya usiku ikivuka saa sita na mapumziko hayalipwi, ovataimu mnahesabuje?

Karani_wa_Zamu

Wakuu, habari zenu. Nimekabidhiwa kuandaa saa za wafanyakazi kwa ajili ya mishahara, na nimekwama kwa watu wa usiku. Wanaingia 20:00, wanatoka 06:30 kesho yake, katikati wana saa moja ya mapumziko isiyolipwa. Mkataba unasema kinachozidi saa 8 kwa siku, au saa 40 kwa wiki, ni ovataimu. Wiki yetu inaanza Jumatatu.

Tatizo la kwanza: nikitoa muda wa kuingia kwenye muda wa kutoka, Excel inanijazia alama za ##### kwenye seli. Hilo naamini lina dawa.

La pili ndilo linaloniumiza kichwa. Aliyenitangulia alikuwa anaikata zamu vipande viwili pale saa sita usiku. Saa nne anaziandika Jumatatu, zilizobaki Jumanne. Kwa hesabu yake, mtu aliyefanya usiku wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hana ovataimu hata dakika moja. Mimi nikihesabu zamu nzima nzima, mtu huyo huyo ana saa nne na nusu. Wenyewe wameshalalamika na mimi sina jibu la kuwapa. Ipi ni sahihi?

---

KijanaWaFomula

Dada hii mbona ndogo sana. Kuingia weka B, kutoka weka C, mapumziko weka D (andika 1:00, usiandike 1). Halafu:

```
=(MOD(C2-B2,1)-D2)*24
```

Inakupa 9.5. Toa 8, ovataimu ni 1.5 kwa kila zamu. Mwisho wa wiki jumlisha ovataimu za kila siku, kisha ongeza na zile zilizozidi 40. Uzi ufungwe.

---

Mzee_wa_Mahudhurio

Usifungwe kwanza. Nusu ya jibu lako ni nzuri, nusu nyingine itamwingizia mwajiri hasara.

Nianze na nzuri. Kwa Excel, siku nzima ni 1 na saa ni sehemu ya siku. 20:00 ni 0.8333 na 06:30 ni 0.2708. Ukitoa unapata hasi, na Excel kwa mpangilio wake wa kawaida haionyeshi muda hasi, ndiyo maana ya zile #####. MOD inaizungusha hiyo hasi hadi irudi kuwa 0.4375, ukizidisha kwa 24 unapata saa 10 na nusu. Toa saa ya mapumziko, 9.5. Mpaka hapo hatuna ugomvi.

Sasa chukua mtu aliyefanya zamu tano, Jumatatu usiku hadi Ijumaa usiku. Saa za kulipwa ni 9.5 mara 5, yaani 47.5. Ovataimu ya kila siku ni 1.5 mara 5, yaani 7.5. Ya wiki ni 47.5 kutoa 40, nayo ni 7.5. Kwa njia yako unamlipa ovataimu ya saa 15, wakati saa hizo ni zile zile 7.5 zimehesabiwa mara mbili. Saa ambayo imeshaitwa ovataimu kwa kigezo cha siku haiingii tena kwenye mzani wa wiki. Unachukua saa za kawaida tu, hapa ni 8 mara 5, ambazo ni 40 kamili, kwa hiyo wiki haiongezi kitu. Angefanya na zamu ya sita, zile saa 8 za kawaida za siku hiyo zingekuwa za 41 hadi 48, na zote zingekuwa ovataimu ya wiki.

Kuna mikataba inayolipa kile kilicho kikubwa kati ya hesabu ya siku na hesabu ya wiki, na hiyo ni njia nyingine. Ila kujumlisha zote mbili bila kutoa, sijawahi kuona mkataba unaosema hivyo.

---

KijanaWaFomula

Sawa mzee, hiyo ya mara mbili nimeielewa. Lakini MOD ibaki.

---

Mzee_wa_Mahudhurio

Ibaki kwa tahadhari, kwa sababu MOD haikatai kitu. Mtu akigeuza, kuingia akaandika 06:30 na kutoka 20:00, inakupa saa 13 na nusu bila kulalamika. Ukitoa mapumziko unabaki na 12.5, ovataimu 4.5 badala ya 1.5. Na mtu aliyeshika zamu ya saa 24 kamili, 20:00 hadi 20:00, MOD inampa sifuri. Ametoka kazini mchovu na karatasi inasema hakuja.

Dalili yake ni rahisi kuiona. Panga safu ya saa, kabla ya kutoa mapumziko, kuanzia kubwa hadi ndogo. Kama zamu zenu ni za saa 10 na nusu, kila inayosoma 13:30 imegeuzwa, maana 10:30 na 13:30 zinajumlisha 24. Dawa ya kudumu ni kuandika tarehe pamoja na saa kwenye kuingia na kwenye kutoka. Hapo kutoa kwa kawaida kunatosha na kosa la kugeuza linajitokeza, ama kwa hasi ama kwa zamu ndefu kupita kiasi.

---

LindoUsiku

Na mimi niulize hapa hapa. Sisi walinzi wa usiku tunakatwa saa moja ya mapumziko kila siku, iwe umepumzika au hujapumzika. Mimi niko peke yangu getini, gari likija saa nane za usiku ni mimi wa kufungua. Chakula nakula nimesimama. Hilo nalo ni mapumziko? Je, posho ya usiku wanatakiwa kunipa asilimia ngapi?

---

Mama_Mishahara

LindoUsiku, posho ya usiku ni mada nyingine kabisa, ifungulie uzi wake. Hapa tunazungumzia saa zilizozidi.

Ila hilo la mapumziko liko ndani ya mada, na wengi wanalipita haraka. Mapumziko hayalipwi kwa sababu muda ule ni wako, unaweza kuondoka ulipo na hakuna anayekuita. Ukiwa unangoja gari, uko kazini. Sasa tazama linavyogusa hesabu. Kama zamu yako ni kama ya mwenye uzi, karatasi inasema 9.5 na ovataimu 1.5. Saa hiyo ikirudi kwenye kazi inakuwa 10.5 na ovataimu 2.5. Saa iliyorudi yote imeangukia juu ya 8, haipo hata dakika yake kwenye saa za kawaida. Kwa zamu tano ni 12.5 badala ya 7.5. Ndiyo maana makato ya mapumziko yanayofanywa kimya kimya na mashine ni makubwa kuliko yanavyoonekana.

Karani, wewe angalia kitu kimoja kwenye karatasi zako: je, kila mtu ana mapumziko ya dakika 60 zile zile, kila siku, bila hata mmoja kupungukiwa? Basi hayakuandikwa na mtu aliyepumzika. Yamejazwa tu.

---

Karani_wa_Zamu

Ni kweli, yote ni 60. Hata kuna mmoja aliugua akaondoka baada ya saa tatu za kazi na bado kakatwa 60.

---

Mama_Mishahara

Huyo mrudishie. Weka sharti, mapumziko yakatwe pale tu zamu ilipofikia urefu ambao mkataba unatoa mapumziko. Vizuri zaidi, waandike wenyewe kuanza na kumaliza mapumziko. Utakuja kuona faida yake kwenye hilo swali lako la saa sita usiku.

---

Mzee_wa_Mahudhurio

Turudi kwenye swali lenyewe, maana hatujalijibu. Nachukua mtu yule yule wa zamu tano, mapumziko yake 01:00 hadi 02:00. Nikate kwa kalenda kama alivyofanya aliyekutangulia.

Jumatatu anapata 4 tu, 20:00 hadi 24:00. Jumanne asubuhi ana 6.5 kutoa mapumziko, 5.5, na usiku wake anaongeza 4, jumla 9.5. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ni hivyo hivyo, 9.5 kila siku. Jumamosi asubuhi 5.5 inayofunga. Jumlisha zote: 4, na 38, na 5.5, unarudi kwenye 47.5 ile ile. Lakini ovataimu ya siku ni siku nne tu zenye 1.5, yaani 6. Saa moja na nusu imepotelea kwenye ncha mbili za wiki, Jumatatu na Jumamosi.

Sasa kwa mtu huyu mzani wa wiki unamwokoa. Saa za kawaida ni 47.5 kutoa 6, yaani 41.5, imezidi 40 kwa 1.5, kwa hiyo anaipata tena. Ndiyo sababu kwa watu wa zamu tano aliyekutangulia hakusikia malalamiko. Kwa yule wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila siku ya kalenda ina 4 au 5.5, hakuna inayofika 8, na wiki nzima ni 28.5, haifiki 40. Hakuna wa kumwokoa. Saa zake nne na nusu zinayeyuka.

---

KijanaWaFomula

Kwa hiyo kukata saa sita usiku ni wizi, tuseme hivyo.

---

Mzee_wa_Mahudhurio

Hapana, wakati mwingine inampa mfanyakazi zaidi. Fikiria mtu wa 22:00 hadi 06:00, mapumziko 02:00 hadi 03:00. Amefanya saa 7. Jioni hiyo hiyo anarudishwa 18:00 hadi 02:00, mapumziko 21:00 hadi 22:00. Saa 7 nyingine. Kwa zamu hana ovataimu hata moja. Kwa kalenda, tarehe ile ya katikati ina 5 za alfajiri na 5 za jioni, jumla 10, ovataimu 2. Na ukimwuliza mwenyewe atakwambia ameibeba siku ile kweli.

Kwa hiyo swali la kwanza si la fomula. Ni kwamba mkataba, na sheria ya kazi ya mahali ulipo, unaita nini "siku". Kama maandishi yanasema siku ya kalenda, unakata saa sita usiku hata kama hupendi. Yakisema siku ya kazi ni saa 24 kuanzia saa fulani, unafuata hiyo. Yakinyamaza, uliza kwa maandishi kabla hujagusa hesabu. Kisichokubalika ni mwajiri kuchagua njia ya bei nafuu kila wiki.

---

Mama_Mishahara

Ninapofanya kazi siku ya kazi inaanza 12:00 mchana, inaisha 12:00 mchana wa kesho yake, na imeandikwa hivyo. Zamu za usiku zote zinakaa ndani ya siku moja bila kukatwa. Fomula ya kujua zamu ni ya siku ipi, ikiwa B2 ina tarehe na saa:

```
=INT(B2-0.5)
```

Aliyeingia Jumatatu 20:00 anasomeka Jumatatu. Aliyechelewa akaingia Jumanne 00:40 naye anasomeka Jumatatu, na hilo ndilo unalolitaka. Ukifuata tarehe ya kuingia peke yake, huyo aliyechelewa anahamia Jumanne, usiku wake analundikiwa zamu mbili siku moja, na ovataimu inalipuka. Kuchelewa kunakuwa na zawadi.

Kwa watu wa mchana haifai, maana 08:00 hadi 16:00 inapasuliwa katikati. Wale tumewaandikia siku yao inaanza saa sita usiku kama kawaida. Ila ukishampangia mtu, humgeuzi geuzi.

---

Karani_wa_Zamu

Hii ya mchana nimeipenda, nitaipeleka kwa afisa utumishi. Mkataba wetu umeandika "siku" tu, haujafafanua. Swali: usiku wa kuamkia sikukuu je? Mtu kaingia 20:00, sikukuu inaanza saa sita usiku, na saa za sikukuu zina kiwango chake.

---

Mama_Mishahara

Hapo unafanya hesabu mbili zisizochanganyika. Ovataimu unaihesabu kwa siku ya kazi. Saa za sikukuu unazihesabu kwa kalenda, kwa sababu sikukuu ni tarehe. Ndipo yale mapumziko yaliyoandikwa saa yake yanapolipa. B kuingia, C kutoka, D kuanza mapumziko, E kumaliza, zote ziwe na tarehe na saa:

```
Dakika za kulipwa:     =ROUND((C2-B2-(E2-D2))*1440,0)
Ovataimu (dakika):     =MAX(0,F2-480)
Baada ya saa 6 usiku:  =ROUND((MAX(0,C2-INT(B2)-1)-MAX(0,E2-MAX(D2,INT(B2)+1)))*1440,0)
```

Ya kwanza iweke F2. Kwa zamu yako, F inatoa 570, ovataimu 90. Mapumziko yakiwa 01:00 hadi 02:00, baada ya saa sita usiku kuna dakika 330. Yakiwa 22:00 hadi 23:00, zinakuwa 390. Yakiwa 23:30 hadi 00:30, 360. Mtu mmoja, zamu ile ile, na saa nzima ya kiwango cha sikukuu inategemea alikula saa ngapi. Ukiwa na "60" tu kwenye karatasi huwezi kujua, utabaki kukisia.

Aliyeingia baada ya saa sita usiku, hiyo ya tatu itamsomea sifuri. Tarehe yake ya kuingia ndiyo sikukuu yenyewe, kwa hiyo kwake zote za F ni za sikukuu.

---

KijanaWaFomula

Kwa nini dakika na si saa?

---

Mama_Mishahara

Kwa sababu saa zenye desimali ni mtego. Kuna mtu atasoma 9:30 aandike 9.30, na dakika kumi na mbili zimeondoka. Kuna mwingine atajumlisha wiki aone 23:30 badala ya 47:30, kwa kuwa seli imewekwa `h:mm` badala ya `[h]:mm`. Tena Excel ikilinganisha 8 na 8.0000000001 inasema imezidi. Dakika kamili hazina mambo hayo. Gawa kwa 60 mwishoni kabisa, unapozidisha na kiwango.

---

Mzee_wa_Mahudhurio

Nakubali yote isipokuwa moja umeliruka. Zile dakika 90 za ovataimu ni za mwisho wa zamu, 05:00 hadi 06:30. Kwa hiyo ziko ndani ya sikukuu. Unazilipa kwa kiwango cha ovataimu, cha sikukuu, au vyote viwili juu kwa juu?

---

Mama_Mishahara

Sisi tunalipa kile kilicho kikubwa, kimoja tu.

---

Mzee_wa_Mahudhurio

Na mimi nimefanya mahali wanapandisha kimoja juu ya kingine, na mkataba uliwaunga mkono. Pengine wanasema saa za sikukuu haziingii kabisa kwenye zile 8, zinasimama peke yake, na hapo zamu ile inabaki na saa 4 tu za kawaida na ovataimu inakufa. Karani, usilitatue hili mezani kwako. Lipeleke pamoja na lile la siku.

---

Fundi_Zamu

Mmeongea yote ila hamjauliza karatasi zimeandikwa kwa saa zipi. Kwetu wanajaza kwa kalamu. Mmoja anaandika "2:00 – 12:00", akimaanisha saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Karani anaingiza hivyo hivyo, anapata saa 10, na ni kweli ni saa 10. Hakuna anayeshtuka. Lakini kompyuta inaona mtu wa saa nane usiku hadi saa sita mchana. Saa za kabla na baada ya saa sita usiku zote zimekwenda kombo.

Mwenzake ana bahati, yeye kosa lake linaonekana. Anaandika "4:00 – 1:00", saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, zamu ya saa 9. MOD inampa 21.

---

Karani_wa_Zamu

Nimecheka halafu nimefungua faili. Nina "2:00 – 12:30" za kutosha tu humu. Saa kumi na nusu kamili, ndiyo maana sikuzishuku.

---

Fundi_Zamu

Chuja kuingia kote kulikoandikwa kati ya 1:00 na 5:00. Kama hamna zamu inayoanza alfajiri, zote hizo ni za kubadilisha: za usiku ongeza 18, za kutoka asubuhi ongeza 6, na ikifika 24 uitoe. 2 inakuwa 20, 12:30 inakuwa 18:30...

---

Mzee_wa_Mahudhurio

Ngoja, hiyo ya mwisho si sawa. 12:30 asubuhi ni 06:30, huongezi 6, unatoa 6. Ongeza 6 ni kwa 1 hadi 11 asubuhi na mchana. Kumi na mbili inashughulikiwa peke yake.

---

Fundi_Zamu

Kweli mkuu, kumi na mbili ina kesi yake. Karani, fuata ya mzee.

---

Karani_wa_Zamu

Sawa. Naanza na kubadilisha saa, kisha naweka tarehe kamili kwenye kila kuingia na kutoka. Karatasi mpya zitakuwa na nafasi ya kuanza na kumaliza mapumziko. Lile la maana ya "siku" na lile la ovataimu ndani ya sikukuu nimeyaandikia barua. Wale wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nimewahesabia kwa njia zote mbili, safu mbili pembeni kwa pembeni, ili anayeamua aone tofauti ni saa ngapi kwa kila jina.

---

LindoUsiku

Na hayo mapumziko, kama naandika mwenyewe kwamba sikupumzika, msimamizi akikataa kusaini inakuwaje?